Kipini cha Pikseli Kumi na Sita

Anayetaka kutoga pua huwa na swali moja kabla hajamfikia mwenye sindano: kitanikaa? Kioo hakimsaidii, maana kioo huonyesha kilichopo tu. Ndiyo sababu swali hilo siku hizi hupelekwa studio ya picha, hasa harusi zinapokaribia. Dada anakuja na picha yake ya uso iliyopigwa vizuri, anaomba atiwe kipini cha dhahabu ubavuni mwa pua, au aongezewe vipuli viwili juu ya hereni alizozizoea, ajione kwanza. Mhariri wa picha anatafuta kipini mtandaoni, anakikata, anakibandika, anakipunguza hadi kitoshe. Mteja anaitazama kazi, anakunja uso, anasema: “Mbona kinaelea?”

Kweli kinaelea. Na ukimuuliza mhariri kwa nini, mara nyingi atasema kipini hakikukatwa vizuri, au rangi yake haikulingana. Atakikata upya, atakipaka rangi upya, na bado kitaelea. Kasoro haimo ndani ya kipini. Imo katika nuru inayokimulika na katika ule uzi mwembamba wa kivuli mahali chuma kinapokutana na ngozi. Vyote viwili ni vidogo mno, pikseli mbili tatu tu, lakini jicho la binadamu huvitambua haraka kuliko linavyotambua umbo la kipini chenyewe.

Tuchukue picha moja na tuifanyie kazi hatua kwa hatua. Ni picha ya studio, uso umeelekea kamera, macho yanatazama lenzi. Taa ni moja, softboksi ya sentimita 60, imewekwa kulia mwa picha na juu kidogo, umbali wa mita moja na nusu. Mteja anataka kipini cha dhahabu cha umbo la tufe, kipana milimita 2, kwenye ubavu wa kushoto wa pua yake, yaani upande wa kulia wa picha tunavyoitazama. Programu tutakayotumia ni GIMP, kwa kuwa ni ya bure na inaingia hata kwenye kompyuta ya kawaida, lakini yote yatakayosemwa hapa yanafanyika katika programu yoyote yenye tabaka.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha ni upande gani. Picha nyingi ambazo watu wamejipiga kwa kamera ya mbele ya simu huhifadhiwa zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo, na kushoto huwa kulia. Maandishi ya fulana yanakuumbua mara moja. Pasipo maandishi, muulize mwenyewe nywele zake zimegawanywa upande gani.

Rula iliyomo usoni

Kosa la kwanza ni la ukubwa. Wahariri hukadiria kwa macho, na kwa kuwa wanafanya kazi wakiwa wameikuza picha mara nne au tano, kipini hutoka kikubwa kama kifungo cha shati. Hakuna haja ya kukadiria. Kila uso umebeba rula yake: lile duara la rangi linaloizunguka mboni ya jicho. Kwa watu wazima duara hilo lina upana wa karibu milimita 11.7, na halitofautiani sana kati ya mtu na mtu, awe mrefu au mfupi, mnene au mwembamba. Macho ya watoto wadogo tu ndiyo yanayohitaji hadhari.

Katika picha yetu duara hilo, likipimwa kwa mlalo kutoka ukingo hadi ukingo, lina pikseli 94. Gawanya kwa 11.7, utapata pikseli 8 kwa kila milimita moja. Kipini cha milimita 2 basi ni pikseli 16. Huo ndio ukubwa wake wote. Weka alama ya pikseli 16 puani na utashangaa ilivyo ndogo, na wengi hapo hushawishika kuiongeza. Usiiongeze. Mteja akitaka kipini kikubwa zaidi, mwambie achague cha milimita 3, nawe uchore cha pikseli 24, mkijua nyote wawili mnachokifanya.

Jicho hilo hilo ndilo linalokuambia nuru inatoka wapi. Tazama ule mweupe mdogo uliomo ndani ya jicho katika kila picha iliyopigwa vizuri. Ni taswira ya taa. Sehemu ya mbele ya jicho, ile ngozi angavu inayoufunika mboni, imebinuka kama kipande cha tufe, na tufe linalong'aa ni kioo mbinuko, kama mgongo wa kijiko unaokuonyesha chumba kizima kikiwa kimesinyaa. Kipini chetu nacho ni tufe linalong'aa. Vioo viwili vya namna moja viko kwenye uso mmoja, mbele ya taa moja na kamera moja, na kimoja tayari kimeshaonyesha jibu.

Uzuri ni kwamba hesabu yake inaishia kuwa rahisi. Mbinuko wa jicho una nusu kipenyo cha karibu milimita 8. Kipini chetu cha milimita 2 kina nusu kipenyo cha milimita 1. Kwa hiyo kila kinachoonekana katika jicho kitaonekana katika kipini, mahali pale pale na kwa umbo lile lile, ila kidogo mara nane. Katika picha yetu taswira ya softboksi jichoni ina upana wa pikseli 12, na imekaa juu kulia, pikseli 24 kutoka katikati ya mboni. Kwenye kipini, basi, ni mng'ao wa pikseli moja na nusu, uliokaa pikseli 3 kutoka katikati ya tufe, juu kulia.

Pikseli moja na nusu! Linganisha na kile kinachochorwa kwa kawaida: doa jeupe la pikseli sita, limesukumwa hadi ukingoni mwa kipini kwa sababu mchoraji anadhani taa iko pembeni na kwa hiyo mng'ao nao uwe pembeni. Doa la namna hiyo linasema taa ni kubwa kama ukuta na iko karibu nyuma ya kichwa cha mteja, ilhali macho yake, sentimita chache juu, yanasema vingine. Mtazamaji hajui hesabu hii, lakini anaona ushahidi unaopingana.

Kanuni hii ina masharti. Mtu awe anatazama lenzi, maana akigeuza macho, katikati ya mboni huhama na kipimo cha umbali kinapotea, ingawa ukubwa na umbo la taswira bado vinafaa. Tena kipini kiwe tufe. Vya bapa na vya mawe tutavifikia.

Kuchora tufe kubwa, kisha kulisinyaza

Kuchora ndani ya pikseli 16 ni kujitafutia maumivu ya shingo. Njia nyepesi ni kuchora kipini kikubwa mara nane, kisha kukipunguza. Fungua tabaka jipya, tumia `Ellipse Select` kutengeneza duara la pikseli 128, na ulijaze rangi ya katikati ya dhahabu, mathalani `#b8862f`. Hapo duara lako lina ukubwa karibu sawa na mbinuko wa jicho katika picha, kwa hiyo ile taswira ya taa iliyomo jichoni unaweza kuinakili ilivyo, bila kuipima, na kuiweka pikseli 24 kutoka katikati. Dirisha likionekana jichoni kwa upande mwingine, lichukue nalo. Kama mpiga picha alitumia taa ya duara na jicho linaonyesha pete, kipini nacho kitakuwa na pete.

Sasa rangi za tufe lenyewe. Dhahabu haina rangi moja. Ni kioo cha manjano, na rangi zake ni za vitu vinavyojitazama ndani yake. Sehemu ya katikati inaitazama kamera na giza la studio nyuma yake, kwa hiyo ni kahawia ya dhahabu iliyotulia. Sehemu inayoielekea taa ni angavu. Na ukingo wa nje, karibu theluthi ya mwisho ya nusu kipenyo, unatazama nyuma, yaani unaitazama ngozi ambayo kipini kimekaa juu yake. Jambo hili husahaulika karibu kila mara. Ukingo wa kipini cha dhahabu ni rangi ya ngozi ya mvaaji iliyotiwa udhahabu. Juu ya ngozi nyeusi ukingo huo ni kahawia nzito yenye joto. Juu ya ngozi nyeupe ni rangi ya pichi iliyokoza. Kipini kilichokatwa kutoka picha ya duka huja na ukingo mweupe, kwa sababu kilipigwa picha juu ya karatasi nyeupe, na hakuna brashi itakayokifanya kionekane kimo puani mpaka ukingo huo ubadilishwe.

Chukua basi rangi ya ngozi iliyo jirani kwa `Color Picker`, ipake kwenye ukingo wa tufe kwa brashi laini, nguvu ya asilimia 50 hivi, na uifanye pana kidogo upande unaoelekea ncha ya pua, maana huko ngozi inapanda kuelekea kamera na kuchukua nafasi kubwa zaidi ndani ya kioo.

Johannes Vermeer alilijua hili bila kompyuta. Ile picha yake ya msichana mwenye hereni ya lulu, aliyoichora yapata mwaka 1665 na ambayo iko katika jumba la Mauritshuis mjini Hague, Uholanzi, ina lulu ambayo kwa kweli haikuchorwa kama lulu. Hakuna mstari unaoizunguka, wala hakuna kulabu inayoishikilia sikioni. Kuna mguso mmoja mzito wa rangi nyeupe juu, ambao ni nuru ya dirisha, na mpako laini chini, ambao ni taswira ya ukosi mweupe wa nguo yake. Kilichobaki ni kivuli cha shingo kinachoonekana kupitia. Wako waliohoji kama ni lulu kweli au ni bati lililosuguliwa, kwa ukubwa ule na kwa namna inavyong'aa. Kwa mhariri wa picha ubishi huo si kitu. Mng'ao mmoja mkali wa taa na mng'ao mmoja hafifu wa kitu kilicho jirani vinatosha kumfanya mtu aone chombo cha thamani mahali pasipo na chochote.

Ukimaliza, punguza tabaka kwa `Layer > Scale Layer` hadi pikseli 16, na uchague `Cubic` kwenye sehemu ya `Interpolation`. Kingo zitalainika zenyewe. Lakini mng'ao nao utakuwa umefifia, na haufai kubaki hivyo. Jicho hurudisha asilimia 2 au 3 tu ya nuru inayolipiga, ilhali dhahabu iliyosuguliwa hurudisha sehemu kubwa ya nuru nyekundu na ya manjano. Mng'ao wa kipini ni mdogo kuliko wa jicho, lakini ni mkali zaidi, hadi kamera yenyewe inashindwa kuumudu na nuru inamwagikia pikseli za jirani. Ongeza tabaka jingine juu, hali yake iwe `Addition`, na ugonge mara moja kwa brashi laini ya pikseli 3 yenye manjano iliyopauka sana. Katikati patakuwa peupe kabisa, pembeni pabaki manjano. Ukitia nyeupe tupu hadi kingoni, dhahabu inageuka plastiki. Mng'ao mweupe usio na rangi ya chuma ni wa lulu, wa kioo na wa rangi ya kucha.

Vivuli viwili, si kimoja

Hapa ndipo kipini kinapotua puani au kinapobaki hewani. Programu nyingi zina kitufe cha kutia kivuli kwa mpigo mmoja, `Drop Shadow`, nacho hutoa wingu jeusi lililosogezwa upande mmoja. Kwa herufi za bango kinafaa. Kwa kitu kinachogusa ngozi hakifai, kwa sababu kitu kinachogusa huwa na vivuli viwili vyenye sababu tofauti.

Cha kwanza ni kivuli cha mgusano. Pale chini ya tufe, mahali chuma na ngozi vinapokaribiana hadi kukutana, hakuna nuru inayopenya kutoka upande wowote, hata ile inayorudi kutoka kuta na dari. Kivuli hiki hakitegemei taa iko wapi. Kinazunguka kipini pande zote, ni chembamba, na pale penyewe panapogusana ndipo peusi kuliko popote. Katika picha yetu kina upana wa pikseli 1 au 2, kisha kinayeyuka ndani ya pikseli 3 nyingine.

Tengeneza tabaka chini ya kipini, hali yake `Multiply`. Usitumie rangi nyeusi. Ngozi hupitisha nuru kidogo ndani yake na kuirudisha ikiwa nyekundu zaidi, kwa hiyo vivuli vidogo juu ya ngozi vina damu ndani yake. Nyeusi tupu au kijivu huonekana kama uchafu, au kama kidonda kinachoanza kuoza, na hakuna bibi harusi anayetaka hilo. Rangi sahihi tayari imo kwenye picha: chukua ile iliyo ndani ya mkunjo ambapo ubavu wa pua unakutana na shavu. Chora pete ya pikseli 2 ukingoni mwa kipini, ipitishie `Gaussian Blur` ya pikseli 1, na ushushe `Opacity` hadi asilimia 60 au 70. Upande ulio mbali na taa unaweza kuizidisha kidogo.

Cha pili ni kivuli kinachotupwa na kipini kwa kuiziba taa, nacho kina mwelekeo. Mtu angetarajia kwamba taa ikiwa juu kulia, kivuli kitaanguka chini kushoto. Lakini ubavu wa pua haukuelekea kamera. Umegeuka kulia, karibu kuitazama taa yenyewe. Kwa kuwa unaitazama taa kwa upande, nuru haina pa kukisukuma kivuli kwenda kushoto. Kinachobaki ni ule urefu wa taa kwenda juu, kwa hiyo kivuli kinashuka karibu wima, kifupi, pikseli 4 au 5. Kipini hicho hicho kingekuwa kwenye shavu, kivuli kingekwenda kushoto kweli. Kama una shaka, tafuta usoni chunjua, kipele au tone la jasho lililo karibu na mahali hapo, ufuate kinachofanya.

Ulaini wa ukingo wake nao si wa kubahatisha. Gawanya upana wa taa kwa umbali wake: sentimita 60 kwa sentimita 150 ni 0.4. Maana yake, mahali ambapo kipini kimeinuka milimita 1 juu ya ngozi, ukingo wa kivuli utatawanyika kwa milimita 0.4, sawa na pikseli 3 za picha yetu. Nakili basi umbo la kipini kwenye tabaka jingine la `Multiply`, lishushe pikseli 4, lipitishie `Gaussian Blur` ya pikseli 3, na `Opacity` iwe asilimia 30. Picha ikiwa ilipigwa juani saa sita mchana, mambo yanageuka: jua liko mbali mno hivi kwamba kivuli cha kitu kidogo namna hii hakina ukungu wowote unaoonekana, na unachohitaji ni umbo kali lililolainishwa kidogo tu na lenzi. Siku ya mawingu kivuli hiki cha pili hutoweka, kikabaki cha mgusano peke yake.

Ngozi nyeusi inadai jambo la ziada, ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni hayaligusi kwa kuwa yameandikwa kwa mifano ya ngozi nyeupe. Umbo la uso mweusi husomeka zaidi kwa mng'ao wa ngozi kuliko kwa tofauti ya weusi na weupe. Ubavu wa pua huwa na mstari wa nuru unaotelezea juu yake. Ukitia `Multiply` ya asilimia 30 juu ya ngozi ambayo tayari ni nzito, karibu huoni tofauti, na mhariri huongeza hadi 80 akapata shimo. Badala yake, shughulika na ule mstari wa nuru: ukate pale kipini kinapouziba, uuache uendelee upande wa pili. Kipini kikiukatiza mng'ao wa ngozi, jicho linakubali kwamba kipo, hata kama kivuli chenyewe hakionekani.

Na kama mteja angechagua ubavu ule mwingine, ulio upande wa pili wa taa? Huko pua yenyewe imeziba nuru. Hakuna kivuli cha kutupwa, kwa sababu kipini tayari kimo kivulini, na mng'ao mkuu nao haupo isipokuwa kipini kichomoze hadi kuiona taa. Kinabaki na taswira hafifu ya ukuta na kivuli chake cha mgusano. Kukitia nukta kali huko ni kuwasha taa ambayo haikuwepo studioni.

Vya bapa, vya mawe, na sikio

Kipini cha bapa, kile cha kiua au cha kisahani, kina tabia nyingine kabisa. Ubavu wa pua umeinama kama nyuzi 40 kutoka kwa kamera, hivyo kisahani cha pikseli 16 huonekana kimebanwa hadi 12 au 13 kwa upana, urefu ukibaki ule ule. Na kwa kuwa ni kioo bapa, kinaonyesha sehemu moja tu ya chumba: ama ile taa yote, ama hakionyeshi taa kabisa. Kwa mwinamo huo kingehitaji taa iliyo karibu nyuzi 80 pembeni ili kiwake. Taa yetu haiko huko. Basi kisahani chetu ni cha dhahabu iliyotulia, karibu kahawia, na kinachong'aa ni ukingo wake mwembamba tu. Mteja anaweza kulalamika kwamba hakimeremeti, na hapo inabidi kumweleza kwamba hata cha kweli, akikaa vile mbele ya taa ile, kisingemeremeta.

Kipini cha jiwe ni visahani vingi vilivyoelekezwa huku na huku. Kimoja au viwili vinaikuta taa na kulipuka, vilivyobaki ni vyeusi. Ukilipaka jiwe lote weupe unapata kipande cha chaki.

Sikioni mambo yanabadilika kwa sababu ya lenzi. Ukipiga uso kwa lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya fremu kamili, uwazi wa f/1.8, umbali wa mita moja na nusu, eneo linaloonekana kali lina unene wa kama sentimita 3 tu. Macho yakiwa makali, sikio lililo sentimita kumi hivi nyuma yake limeshaingia ukungu. Tundu la pili na la tatu utakayoyaongeza kwenye ndewe lazima yaingie ukungu ule ule, na njia ya kujua kiasi gani ni kuitazama hereni ambayo mteja alikuwa ameivaa tayari. Lainisha vipuli vipya mpaka kingo zake zifanane na za ile hereni. Mng'ao ulio ndani ya ukungu haufifii tu. Unatanuka na kuwa kisahani kidogo cha nuru chenye ukingo, kwa hiyo usiulainishe kwa `Gaussian Blur` peke yake, tumia `Lens Blur` kama toleo lako la GIMP linayo.

Vipuli vilivyonakiliwa mara tatu hujulikana, lakini si kwa sababu ambayo watu huitaja. Matufe matatu kwenye sikio moja kwa kweli yana mng'ao mahali pale pale, kwa kuwa taa ni moja. Kinachotofautiana ni mazingira: cha chini kwenye ndewe kinaakisi shavu na shingo, cha juu kwenye ukingo wa sikio kinaakisi nywele, na kilichoingia ndani ya bonde la sikio kinaweza kuwa kivulini kabisa. Unyoya wa nywele ukipita mbele ya kipuli urudishe juu yake kwa kinyago cha tabaka. Unyoya mmoja unaopita juu ya chuma unashawishi kuliko saa nzima ya kuchora.

Kuna pia chembe na uchakavu wa faili. Picha iliyopigwa usiku ina chembe, na kipini kilichochorwa hakina. Tia kidogo kwa `Filters > Noise > RGB Noise` juu ya kipini na vivuli vyake pekee. Picha iliyopitia WhatsApp ni kesi ngumu zaidi. Imebanwa kwa mfumo wa JPEG, unaoigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na rangi kwa kawaida huhifadhiwa kwa undani mdogo kuliko mwanga. Kipini chetu ni vipande viwili tu kwa upana, hivyo kikiwa safi mno katikati ya ngozi iliyopakazwa kinajitangaza. Mwombe mteja faili la awali. Likikosekana, hifadhi kazi yako kwa ubora unaokaribiana na wa picha ile, ili mbano mpya upite juu ya vyote kwa pamoja.

Tazama kazi mara mbili: kwa ukubwa wa asilimia 100, na kwa ukubwa wa skrini ya simu, ambako mteja ataitazama. Kwa ukubwa wa simu mng'ao unapaswa kubaki nukta moja. Ukitoweka kabisa, ulikuwa hafifu; ukionekana kama doa, ulikuwa mpana.

Picha ikimridhisha, kuna jambo moja ambalo picha ya kubahatisha isingeweza kumpa. Kwa kuwa ulipima kwa jicho tangu mwanzo, kila pikseli 8 ni milimita 1. Ukikuta kitovu cha kipini kiko pikseli 44 juu ya ukingo wa tundu la pua, mwandikie mteja: milimita tano na nusu, kipini cha milimita mbili, tufe. Kipimo cha wima hakipotoshwi sana na mwinamo wa pua. Cha mlalo kinapotoshwa, kwa hiyo hicho mwachie mtogaji, ambaye ataweka alama ya kalamu na kumpa kioo atazame kabla ya sindano.